Maji Yaliyomo Ndani ya Nguo Kavu

Shati la pamba lililoanikwa likakauka, likapigwa pasi na kutundikwa kabatini, bado lina maji. Ni maji ya kupimika kwa mizani: kwa shati la kawaida la mwanamume, karibu vijiko vitatu vya chai. Shati la poliesta la uzito uleule, likitundikwa kando yake kwenye kabati hilohilo, lina maji yasiyofika hata robo ya kijiko.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua mambo matatu ambayo kila mvaa nguo anayajua, ingawa ni wachache wanaoyaona kuwa ni jambo moja: sketi kung'ang'ania gagulo na kupanda miguuni, shati kumnatanata mtu mgongoni hata kabla jasho halijaanza kutiririka, na jezi ya mpira kukauka mapema huku taulo lililoanikwa nayo kwenye kamba moja likiwa bado bichi.

Wataalamu wa nguo wana kipimo chake, nasi hapa tukiite rejeo la unyevu. Hupimwa hivi. Nguo huachwa kwenye chumba chenye joto la sentigredi 20 na unyevu wa hewa wa asilimia 65, yaani hewa iliyobeba mvuke sehemu 65 kati ya kila 100 ambazo ingeweza kubeba kwa joto hilo. Nguo ikitulia humo na uzito wake usibadilike tena, hupimwa. Kisha huingizwa kwenye tanuri la sentigredi 105 hivi na kukaushwa, ikipimwa mara kwa mara, mpaka uzito ugome kushuka. Uzito uliopotea ni maji. Ukiugawa kwa uzito wa nguo iliyotoka tanurini na kuzidisha kwa 100, umepata rejeo.

Tuchukue shati letu la pamba. Chumbani lina gramu 216, kutoka tanurini lina gramu 200. Zimepotea gramu 16, na 16 kwa 200 ni asilimia 8. Shati la poliesta lenye gramu 200 za ukavu halisi lilikuwa na gramu 200.8 tu kabla ya tanuri, yaani asilimia 0.4. Nyuzi nyingine zinajipanga kati ya hizo mbili au juu yake: nailoni ni kama asilimia 4, hariri 11, viskosi 13, na sufu hufika 16 au zaidi.

Waliokishughulikia kipimo hiki mwanzoni walikuwa wafanyabiashara. Hariri iliuzwa kwa uzito, tena kwa bei kubwa, nayo hariri inaweza kunywa maji mengi bila kuonekana kuwa imelowa. Mnunuzi alikuwa analipia maji kwa bei ya hariri. Mji wa Lyon nchini Ufaransa, uliokuwa kitovu cha biashara hiyo, ulianzisha nyumba ya umma ya kupima unyevu wa hariri mwaka 1805. Wafumaji na wauzaji wa pamba nao wana makubaliano yao: pamba yenye kilo 100 za ukavu wa tanuri huhesabiwa kuwa kilo 108.5, maji kidogo yakikubaliwa kuwa ni sehemu halali ya mali. Kinachozidi hapo ni ujanja, kama ule wa kunyunyizia maji pamba mbegu kabla haijafika kwenye mizani ya chama cha ushirika, ambao kila mtu wa Kanda ya Ziwa anaujua.

Kwa nini pamba hunywa na poliesta hukataa? Pamba ni selulosi, mnyororo mrefu wa sukari uliojaa vijishikizo vya oksijeni na haidrojeni vinavyovutana na maji. Mahali ambapo minyororo imelala sambamba na kubanana, vijishikizo hivyo vimeshikana vyenyewe kwa vyenyewe na maji hayana pa kuingilia. Mahali minyororo ilipolegea, vinabaki wazi, na chembe za mvuke zilizomo hewani huja kujishikiza. Ndiyo maana viskosi, ambayo nayo ni selulosi iliyoyeyushwa na kufanywa uzi upya, hunywa kuliko pamba: katika kuyeyushwa na kuvutwa upya, sehemu zake zilizolegea zimeongezeka.

Poliesta ya nguo ni plastiki ileile ya chupa ya maji ya dukani, imeyeyushwa na kuvutwa kuwa uzi mwembamba. Minyororo yake imebanana na haina vijishikizo vya maana vya kushika maji. Maji yanaweza kulowanisha uso wa uzi na kukaa katikati ya uzi na uzi, lakini ndani ya uzi hayaingii. Tofauti hii ya maji yaliyo ndani ya uzi na maji yaliyo baina ya nyuzi msomaji aishike, kwa sababu bila hiyo habari ya kukauka haieleweki.

Tuanze na sketi na gagulo. Vitu viwili vikigusana na kuachana, chaji za umeme huhama kutoka kimoja kwenda kingine. Hili hutokea kwa kila kitambaa, pamba ikiwemo, kila unapopiga hatua. Tofauti iko kwenye kinachofuata. Katika pamba, maji yaliyomo ndani ya nyuzi, pamoja na chumvichumvi kidogo zilizoyeyuka humo, huzipitisha chaji hizo na kuzisambaza kabla hujapiga hatua ya pili. Katika poliesta hakuna njia. Upinzani wake kwa umeme ni mkubwa kuliko wa pamba mara mamilioni, na chaji zinaweza kukaa pale zilipozaliwa kwa dakika nyingi. Sketi ikiwa na chaji za aina moja na gagulo au ngozi ikiwa na za aina nyingine, zinavutana, na kitambaa hupanda na kujibandika. Huo ndio umeme tuli.

Wakazi wengi wa Mombasa au Zanzibar watasema hawajapata shida hiyo sana, na ni kweli. Rejeo la unyevu si namba ya kudumu. Asilimia 8 ya pamba ni ya chumba cha asilimia 65. Kwenye hewa ya asilimia 30 pamba hubaki na asilimia 4 hivi, na kwenye hewa ya asilimia 90 hufika 12 au 13. Hewa ya pwani huweka maji katika kila uzi unaoweza kuyashika, na hata juu ya poliesta hukaa utando mwembamba wa unyevu unaosaidia kuondoa chaji. Ukipanda bara wakati wa kiangazi, mchana hewa ikiwa kavu, shimizi la nailoni huanza ukorofi.

Ukorofi kamili wanaujua ndugu zetu walioko Toronto au Stockholm. Chukua hewa ya nje ya baridi ya sentigredi 10 chini ya sifuri, yenye unyevu wa asilimia 80. Hewa hiyo inaonekana imejaa unyevu, lakini kwa baridi ile, asilimia 80 ni mvuke kiduchu sana. Ikiingia ndani ya nyumba na kupashwa moto hadi sentigredi 20 bila kuongezewa maji, mvuke ni uleule, ila uwezo wa hewa kubeba mvuke umekua mara nane hivi. Unyevu wa hewa ndani ya nyumba hushuka hadi asilimia 10. Hapo hata sufu, bingwa wa kunywa unyevu, hubaki na maji machache kiasi kwamba sweta likivuliwa kichwani hulia tas-tas-tas, na ukizima taa unaona cheche.

Kwa hiyo dawa ya umeme tuli ni maji, na inashangaza ni watu wangapi wanaojaribu kuutibu kwa pasi ya moto zaidi, yaani kwa kuondoa hata yale maji machache yaliyokuwepo. Pitisha viganja vyenye unyevu upande wa ndani wa sketi. Paka mafuta au losheni miguuni. Kilainishi cha nguo nacho hufanya kazi kwa njia hiyo: huacha juu ya nyuzi utando unaovuta unyevu wa hewa, ingawa utando huohuo ukizidi hulifanya taulo lisukume maji badala ya kuyafyonza. Na gagulo la pamba ndani ya sketi ya poliesta humaliza mengi, kwa kuwa chaji zinapata pa kupitia.

Sasa kuhusu kunata. Mtu aliyekaa kivulini bila kufanya kazi, ngozi yake haionekani kutoa chochote, lakini inatoa mvuke, kiasi cha gramu 10 hadi 20 kwa saa. Mvuke huo lazima uende mahali. Chini ya shati la pamba, sehemu yake hunyonywa na nyuzi zikiwa bado ni mvuke, bila kuwa tone, na hewa iliyo kati ya ngozi na shati hupanda unyevu polepole. Chini ya shati la poliesta lililofumwa kwa kubana, nyuzi hazipokei kitu. Mvuke unategemea vitundu vya kitambaa pekee, na usipotoka upesi kama unavyoingia, hewa ya ndani hujaa na mvuke hugeuka maji juu ya ngozi na kwenye uso wa ndani wa kitambaa. Shati linashikamana na mgongo. Kinachokera hapo ni maji yaliyokosa pa kukaa, na yanaweza kuwa machache mno.

Hapa ndipo wauzaji wa pamba wanapozidisha sifa. Ghala la pamba lina ukomo. Shati letu la gramu 200 likitoka kwenye hewa ya asilimia 65 na kuingia kwenye hali ya asilimia 95, rejeo lake hupanda kutoka asilimia 8 hadi kama 15, yaani limepokea gramu 14 hivi za ziada. Kwa mtu aliyekaa ofisini, hiyo ni nafuu ya kutosha kuvuka kipindi cha joto, au kutoka ofisini hadi kwenye daladala. Kwa mchezaji wa mpira anayetoa nusu lita ya jasho au zaidi kwa saa, gramu 14 huisha mara tu kipenga kikilia. Baada ya hapo pamba inalowa hasa: nyuzi huvimba, vitundu vya kitambaa hupungua, shati huwa zito na kulala juu ya ngozi, na mchezo ukisimama linampa mchezaji baridi.

Jezi za mpira kwa hiyo ni za poliesta, na hapa hakuna kupingana. Jezi nzuri haijaribu kuyanywa maji. Imefumwa kwa nyuzi nyembamba, nyingine zikiwa na mifereji ubavuni, na mara nyingi imepakwa dawa inayofanya maji yatambae. Jasho hupita juu ya uso wa nyuzi, kutoka kwenye ngozi hadi upande wa nje, na kusambaa kwenye eneo kubwa ambako hupeperuka upesi. Kutambaza maji na kunywa unyevu ni sifa mbili tofauti, na poliesta inaweza kupewa ya kwanza bila kuwa na ya pili.

Mnunuzi anaweza kuijua jezi ya kweli na ya kuigiza kwa tone moja la maji. Ligeuze shati, dondosha tone upande wa ndani, utazame kwa pembeni dhidi ya mwanga. Likisambaa na kuwa doa pana ndani ya sekunde chache, kitambaa kinajua kazi yake. Likisimama duara kama shanga na kung'aa, ukilitikisa linabiringika, hilo ndilo litakalokuganda mgongoni. Ila fanya jaribio hilo baada ya kulifua mara moja, maana baadhi ya vitambaa vipya huja na dawa za kiwandani zinazodanganya kwa pande zote mbili.

Tena tusidanganyane kuhusu pwani. Hewa yenyewe ikiwa na unyevu wa asilimia 85, jasho linapeperuka kwa shida kutoka kwenye nguo ya aina yoyote, na linalookoa hapo ni upana wa nguo kuliko aina ya uzi. Kanzu ya poliesta, ambayo haijikunji na ndiyo sababu imejaa madukani, huvumilika kwa kuwa inapepea. Uzi huohuo ukishonwa shati la kubana lenye tai shingoni, ni adhabu.

Jambo la tatu ni kamba ya kuanikia. Loweka mashati yetu mawili, yakamue kwa mikono, yaanike. Shati la pamba limebeba maji ya aina mbili: yaliyonaswa baina ya nyuzi na yaliyoingia ndani ya nyuzi zenyewe. Ya kwanza hupungua kwa kukamua, ya pili hayakamuliki. Hata likizungushwa kwa nguvu katika mashine ya maabara mpaka maji yote ya nje yametoka, pamba hubaki na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake mkavu. Kwa shati la gramu 200 hizo ni gramu 90 na kitu. Poliesta katika jaribio hilohilo hubaki na asilimia 5 au pungufu, yaani gramu 10 hivi.

Watu hudhani poliesta inapeperusha maji kwa kasi zaidi. Mwanzoni siyo hivyo. Nguo zote mbili zikiwa zimelowa juu, hewa na jua huondoa maji kwa kasi inayokaribiana, maana kinachopeperuka ni maji ya juu tu na hewa haijali chini yake kuna uzi gani. Tofauti ya kwanza ni kwamba poliesta ilikuwa na maji machache ya kuondoa. Tofauti ya pili inakuja mwishoni: maji ya juu yakiisha, pamba huanza kutoa yale yaliyoshikamana na vijishikizo vyake, nayo hutoka kwa kusitasita. Ndiyo maana pindo la jinzi, mshono wa mfuko na ukosi wa shati hubaki na ubaridi muda mrefu baada ya sehemu nyingine kukauka. Msomaji asichukulie hata hivyo kwamba kila kitu cha poliesta hukauka upesi. Blanketi nene la poliesta lenye manyoya hubeba maji mengi sana baina ya nyuzi zake, na likianikwa bila kukamuliwa vizuri linaweza kuchelewa kuliko khanga nyepesi ya pamba.

Wakati wa masika kuna kikwazo kingine. Kukauka kwa pamba maana yake ni kufikia rejeo linalolingana na hewa iliyopo, na kamwe halishuki chini ya hapo kwa kuanikwa. Kwenye hewa ya asilimia 90, shati letu litasimama kwenye maji ya gramu 25 hivi. Unaweza kuliacha kwenye kamba ya ndani hata siku tatu, litabaki na ule ubichi unaousikia ukiligusisha shavuni, na kadiri linavyokaa na maji mengi ndivyo bakteria wanavyopata nafasi ya kulitia uvundo. Pasi ya moto huyatoa maji karibu yote kwa dakika chache. Kisha nguo huanza kuyarudisha kutoka hewani, ila haitarudi pale ilipokuwa: pamba iliyoshuka hadi ukavu na kupanda tena hukaa chini kidogo ya pamba iliyoshuka kutoka kulowa, hata katika hewa ileile. Mama anayepiga pasi sare zilizokauka nusu wakati wa mvua anapata nguo kavu zaidi ya ile iliyosubiri kwenye kamba.

Mwenye mizani ya kidijitali ya jikoni anaweza kuliona hili mwenyewe. Piga pasi kavu shati la pamba mpaka lisitoe tena mvuke, lipime papo hapo, litundike, ulipime tena baada ya nusu saa na baada ya saa moja. Uzito utapanda huku hakuna aliyelimwagia maji.

Sare za shule nyingi hushonwa kwa kitambaa cha mchanganyiko, na lebo ikisema poliesta 65, pamba 35, unaweza kukisia tabia yake kabla ya kulipa. Zidisha kila uzi kwa rejeo lake, pamba ukiipa ile 8.5 ya biashara: 65 ya poliesta inaleta asilimia 0.26, 35 ya pamba inaleta kama 2.98. Jumla ni asilimia 3.2, chini kidogo ya nailoni. Kitambaa hicho kitakauka upesi, hakitajikunja sana, hakitakuwa na umeme tuli wa kuudhi kama poliesta tupu, na kitampunguzia mtoto nafuu ya pamba wakati wa joto. Kwa mtoto wa Njombe, ambako nguo hukauka kwa taabu na jasho ni nadra, mimi ningekinunua bila kusita. Kwa mtoto wa Tanga ningetafuta chenye pamba zaidi ya nusu, na kama duka halina, ningemwambia fundi ashone pana.